Kijani Wiki Ishirini na Mbili

Vidole viwili, chini ya kifundo, upande wa dole gumba. Hapo ndipo Sista aliposhika mapigo ya watu kwa miaka ishirini na sita, na hapo ndipo alipomshika Mtungi asubuhi ile ya Jumatatu, macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani. Alihesabu dakika nzima. Wauguzi wa siku hizi huhesabu nusu dakika kisha wakazidisha mara mbili. Sista husema nusu dakika ni nusu ukweli.

"Sabini na tatu," akasema.

"Nimepanda ngazi, Sista."

"Ngazi gani, baba? Umekaa hapo robo saa nzima. Umenisimulia paa lako linavyovuja na shemeji yako anavyokuja kula kila likivuja. Sabini na tatu."

Mtungi akacheka, kicheko cha mtu anayelipa deni la adabu, kisha akakunja mkono wa shati. Saa nyeusi ya mpira ikaonekana kwenye kifundo cha pili. Akaigusa, ikawaka, akamwonyesha. Kiduara cha kijani kikatabasamu.

"Mwenye mashine hana haja ya vidole," akasema. "Kijani. Wiki hii, wiki iliyopita, na wiki iliyotangulia iliyopita. Wewe mwenyewe ndiye unayeniletea habari njema kila Jumatatu."

Ilikuwa kweli. Sista alikuwa muuguzi wa wafanyakazi katika kituo cha simu za dharura: chumba kimoja mwishoni mwa ukumbi, chenye kitanda, mizani, na kabati la kadi ambalo droo yake ya chini haifunguki mpaka uipige teke. Upande wa pili wa ukumbi ndiko walikokaa wapokeaji, watu kumi na mmoja kwa zamu, hedifoni masikioni, wakiuliza swali lile lile toka asubuhi: uko wapi, kumetokea nini, anapumua? Mwaka uliopita uongozi uliwanunulia wote saa za mkononi. Mtu analala nayo, saa inahesabu mapigo ya moyo uliotulia, inapima na jinsi nafasi kati ya pigo na pigo zinavyotofautiana, na kila Jumatatu kompyuta ya Sista inapokea majina na rangi. Kijani, hujambo. Njano, jiangalie. Nyekundu wiki mbili mfululizo, mtu anaondolewa mezani bila mjadala. Kanuni hiyo aliiandika Sista kwa mkono wake, na uongozi ukaipigia makofi.

Mtungi hakuwahi kupata hata njano. Na kwa nini apate? Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu hata jua likiwaka namna gani, ukichota kwake unachota maji baridi. Mama anapiga kelele mtoto kazama ndooni, Mtungi anamwambia, "Mama, nisikilize mimi. Weka simu chini, mlaze chali, nakuhesabia." Na mama anamsikiliza. Miaka tisa mezani. Wapokeaji wapya walikaa nyuma yake ili wajifunze sauti tu.

Alipotoka, Sista alivuta kadi yake ili aandike namba. Ndipo mkono ukasimama. Mstari wa mwaka jana, mwandiko wake mwenyewe, kalamu ya bluu: mapigo, hamsini na tisa. Mwaka juzi: hamsini na nane. Mwaka wa nyuma yake: hamsini na nane.

Akaangalia sabini na tatu. Akaangalia kompyuta. Kijani.

Basi mtu mzima akafanya jambo ambalo, kwa hesabu yake mwenyewe baadaye, alipaswa kulifanya tangu wiki ya kwanza: akaacha kutazama rangi akaomba namba. Ilimchukua nusu saa kupata zilikofichwa. Akachomoa karatasi ya vyumba kutoka daftari la hesabu la mjukuu wake, akachonga penseli, akaanza kuweka nukta moja kwa kila wiki.

Wiki ya kwanza, hamsini na nane. Ya tatu, hamsini na tisa. Ya saba, sitini na mbili. Ya kumi na mbili, sitini na tano. Ya ishirini na mbili, sabini na moja, na hayo ni mapigo ya mtu aliye usingizini. Hakuna wiki iliyoruka. Kila moja ilipanda nusu pigo, pigo moja, kama mtu anayeiba sukari kwa kijiko cha chai. Chini ya mstari huo akachora wa pili, wa tofauti za nafasi kati ya mapigo kwa milisekunde, na huo ulikuwa ukishuka: arobaini na nane, arobaini na moja, thelathini na tatu, ishirini na mbili.

Mtu asiyejua hudhani moyo mzima ni ule unaopiga sawasawa kama saa ya kituo cha treni. Sivyo. Moyo wenye afya una mchezo ndani yake: ukivuta pumzi unakaza mwendo kidogo, ukiitoa unalegeza, na nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani. Mchezo huo ni dalili kwamba breki za mwili bado zinashika. Mtu akishinda na kulala katika hali ya kujihami, breki zinachoka, mchezo unakwisha, pigo linafuata pigo kama askari kwenye gwaride. Siku moja si kitu. Homa huleta hivyo, pombe huleta hivyo, joto la chumba huleta hivyo. Lakini wiki ishirini na mbili si homa.

Na jambo lililomfanya Sista aweke penseli chini ni hili: zamani, siku mbili za mapumziko zilimshusha Mtungi mapigo mawili matatu, akarudi kazini mwepesi. Tangu wiki ya kumi na nne, siku za mapumziko zilikuwa sawa na siku za kazi. Analala, halali. Anapumzika, hapumziki.

Sasa kijani kilitoka wapi? Akasoma kitabu cha maelezo, kile kijitabu chembamba ambacho kila mtu hukitupa pamoja na boksi. Saa ilikuwa inamlinganisha mtu na kawaida yake mwenyewe, jambo jema. Lakini kawaida hiyo iliihesabu kwa siku thelathini zilizopita. Mtu anayezama polepole, kawaida yake inazama pamoja naye. Saa haikudanganya. Iliulizwa, "Leo yukoje kuliko mwezi huu?" ikajibu, "Vile vile." Bandu bandu huisha gogo, na mhesabu vipande alikuwa anahesabu kipande cha leo tu.

"Na mimi nikampelekea habari njema," Sista akajisemea. "Kila Jumatatu. Kwa tabasamu."

*

Alimpeleka Mtungi kwa daktari siku ile ile, maana muuguzi mzuri hashiki jibu la kwanza. Damu ikapimwa: haikupungua. Tezi ya shingoni: sawa. Moyo ukachorwa kwenye karatasi: haraka kidogo, lakini njia zake safi. Hanywi dawa, havuti. Daktari akauliza maswali mengine, na majibu ndiyo yaliyoeleza. Usingizi? Saa tisa usiku macho bado yako darini. Chakula? Anakula kwa sababu sahani imewekwa. Kazi? Mtungi akafikiri sana, kisha akasema, "Zamani wakipiga simu nilikuwa nawaona. Naona jiko, naona mtoto, naona kanga iliyolowa. Sasa naona maandishi." Daktari akaandika kwamba mtu huyu amechoka kwa kazi mpaka kwenye mfupa, na kwamba saa peke yake haiwezi kusema hivyo, lakini saa na mtu wakisema pamoja, tuwasikilize.

Sista akaenda kwa Meneja na karatasi yake ya vyumba.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri kulisema hilo, maana masimulizi ya kazini hupenda kumpa bosi pembe. Alikuwa mtu mwenye viti kumi na vitatu na watu kumi na mmoja. Wapokeaji wawili waliacha kazi miezi mitano nyuma, wiki ile ile penseli ya Sista ilipoanza kupanda, na nafasi zao hazikujazwa. Zamu za saa nane zikawa za saa kumi na mbili. Na kikombe kikafa.

Kikombe kilikuwa desturi ya ukumbi ule, haijaandikwa popote. Mpokeaji akimaliza simu nzito, ya mtoto, ya kujinyonga, ya mtu aliyekata roho masikioni mwake, alikuwa anafudikiza kikombe chake mezani, mdomo chini. Hakuna anayemsemesha. Simu zake zinapita kwa jirani. Dakika kumi, kisha anakifunua, maisha yanaendelea. Watu walipopungua, jirani naye ana simu yake, na anayefudikiza kikombe anamtwisha mwenzake. Wa kwanza kuacha alikuwa Mtungi. Wengine wakaona aibu kufudikiza mbele yake.

"Ana rangi gani?" Meneja akauliza.

"Usiniulize rangi. Tazama mstari."

"Sista, dada yangu, mimi mstari sijui kuusoma. Kanuni inasema nyekundu. Kanuni yako hiyo, si ya mama yangu."

"Kanuni yangu ina tundu."

"Basi uizibe, tuipitishe kikao cha mwezi ujao. Lakini nikimtoa leo mtu wa kijani, kesho nani atabaki? Wote watakuja na karatasi za vyumba." Akashusha sauti. "Unayo karatasi yako ya siku tatu. Huhitaji saini yangu. Ukiiandika, sitakuzuia. Ila usiniombe mimi niiandike."

Ilikuwa kweli pia. Muuguzi wa kituo aliruhusiwa kumtoa mtu mezani siku tatu kwa saini yake peke yake, huku akisubiri daktari amwandikie ruhusa ndefu zaidi. Sista akarudi chumbani akaiandika. Jina, tarehe ya Jumatatu, sababu. Akabakiza saini, akamwita mwenyewe.

"Wiki moja," Mtungi akasema. Hakukaa. "Nakuomba, Sista. Huyu dada mgeni anamaliza mafunzo Jumatatu ijayo. Akikaa kiti changu, natoka mwenyewe, hata mwezi. Nikitoka leo wanabaki kumi. Unajua kumi ni nini?"

"Najua moyo wako ni nini."

"Moyo umeniweka wiki ishirini na mbili. Utashindwa na siku saba?" Akatabasamu, na ile sauti ikatoka, ile ya maji baridi, ile iliyowafanya akina mama walegeze mikono kwenye simu zao. "Sista. Nisikilize mimi."

Na Sista, kama wale akina mama, akamsikiliza.

Aliikunja karatasi bila saini, akaitia mfukoni mwa koti jeupe. Alijiambia ni heshima kwa mtu mzima. Jioni ile mke wa Mtungi alimpigia simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada, samahani kukusumbua. Huyu ndugu yako mnamfanya nini huko?"

"Amekwambia kitu?"

"Angeniambia ningekupigia? Huyu nyumbani amekuwa kama kabati, dada. Unalifungua, unachukua unachotaka, unalifunga. Jana mwanawe kamwonyesha jino lililong'oka, baba mtu kasema, 'Uko wapi, anapumua?' Watoto wakacheka. Mimi sikucheka."

"Jumatatu nampumzisha," Sista akasema. "Nakuahidi, wifi. Jumatatu."

*

Alhamisi, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, simu iliingia kwenye meza ya Mtungi. Mwanamke, baba yake, fundi seremala mstaafu, kashika kifua, jasho linamtoka, rangi imebadilika. Kinasa sauti kina kila kitu, na Sista ameusikiliza mkanda huo mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu.

"Uko wapi, mama?"

Mwanamke akataja mtaa, nyumba, geti la bati. Mtungi akaandika kwenye skrini, bila kosa hata herufi. Akauliza kama mzee anapumua. Akamwambia amkalishe, aegemee ukuta, amfungulie vifungo. Akauliza kama ana mzio wa aspirini, kama anatapika damu, akamwambia ampe kidonge kimoja atafune.

"Gari linakuja?" mwanamke akauliza.

"Gari liko njiani, mama. Nipo na wewe."

Sauti ilikuwa ile ile. Tulivu. Mgeni aliyekaa nyuma yake alisema baadaye kwamba hakuwahi kusikia simu iliyopokelewa vizuri vile.

Ila chini ya ukurasa, pembeni kulia, kuna kitufe kimoja. Kimeandikwa *Tuma*. Bila kukibonyeza, maandishi yote yanabaki kwenye skrini ya mpokeaji, mazuri, kamili, na hayaendi kwa dereva yeyote. Mtungi alikuwa amekibonyeza kitufe hicho, kwa makadirio, mara elfu arobaini. Mkono wake ulikijua kuliko ulivyojua kijiko. Alhamisi ile mkono haukwenda.

"Mbona hawafiki?" mwanamke akauliza dakika ya tano.

"Wako njiani, mama."

Gari lilikuwa limeegeshwa mitaa minne kutoka pale, dereva anakula karanga.

Dakika ya kumi na moja mgeni aliinama kuokota kalamu, akainuka, macho yake yakapita kwenye kona ya chini ya skrini. Kile kitufe kilikuwa bado cheupe. Kikishabonyezwa huwa kijivu. Mwanzoni alidhani haoni vizuri. Yeye ni mgeni, na yule ni Mtungi. Sekunde chache zikapita katika dhana hiyo. Kisha akanyoosha mkono juu ya bega la mwalimu wake akakibonyeza.

Mtungi akatazama kidole cha yule dada. Akatazama skrini. Masikioni mwake mwanamke alikuwa ameacha kuongea, anaita tu, baba, baba. Gari lilifika baada ya dakika nne. Wakajaribu. Mzee hakurudi.

Hakuna daktari atakayekuambia kwamba dakika kumi na moja zingemwokoa mzee yule, na hakuna atakayekuambia kwamba zisingemwokoa.

Mtungi alivua hedifoni akaiweka mezani taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Akachukua kikombe chake. Kilikuwa na chai. Akakifudikiza hivyo hivyo, chai ikatambaa juu ya meza, juu ya kibodi, ikadondoka sakafuni, na hakuna aliyemsemesha.

*

Kamati ya uchunguzi iliketi wiki mbili baadaye: mwenyekiti, daktari kutoka nje, na mwanasheria mwenye faili. Mwishoni mwa meza aliwekwa mtoto wa marehemu, yule yule wa simuni, amevaa nguo nyeusi na mkoba magotini. Mtungi alikaa kando, mikono mapajani.

Kabla ya kuingia, Meneja alimvuta Sista pembeni, karibu na mtungi wa kuzimia moto.

"Watakuuliza rangi," akasema. "Jibu ulichoulizwa. Alikuwa kijani. Ukisema kijani, kosa ni la mtu mmoja. Uzembe. Anapoteza leseni ya kupokea simu, basi. Kituo kinabaki, wewe unabaki."

"Na yeye?"

"Yeye ameshakwisha, Sista. Unataka tuzikwe wote kaburi moja?"

Sista akatazama mlango wa chumba cha kamati. Alikuwa na miaka mitatu kustaafu. Alikuwa na mjukuu wa kumsomesha, na leseni ya uuguzi iliyopigwa muhuri mara kumi na tatu bila doa. Mfukoni mwa koti, karatasi ya siku tatu ilikuwa imelainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa.

Walimwita wa nne. Mwanasheria akafungua faili.

"Muuguzi, ripoti ya saa ya mhusika kwa wiki ya tukio ilionyesha rangi gani?"

"Kijani."

"Na wiki iliyotangulia?"

"Kijani."

"Kwa hiyo hapakuwa na ishara yoyote kwamba mhusika hakufaa kukaa mezani." Alisema hivyo akiandika, kama mtu anayefunga vifungo vya koti.

Hapo pangetosha. Sista alisikia moyo wake mwenyewe masikioni, na kwa mazoea ya kazi akauhesabu. Tisini na kitu.

"Ilikuwepo," akasema.

Kalamu ya mwanasheria ikasimama.

Akatoa karatasi ya vyumba akaitandaza mezani. Akaeleza taratibu, kwa lugha ambayo yule mwenye mkoba magotini angeielewa. Moyo uliokuwa ukipiga hamsini na nane ukafika sabini na moja. Ule mchezo wa nafasi kati ya pigo na pigo ukapungua kwa zaidi ya nusu. Saa iliyopima mtu kwa mwezi wake wa jana, kwa hiyo haikuona. Watu wawili waliotoka, zamu zilizorefushwa, kikombe. Daktari wa kamati aliivuta karatasi karibu, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya mstari toka kushoto hadi kulia, na alipofika mwisho hakukiinua.

"Uligundua haya lini?" akauliza. "Baada ya tukio?"

Hilo nalo lilikuwa mlango ulioachwa wazi. Daktari alikuwa mtu wa huruma.

"Jumatatu," Sista akasema. "Siku tatu kabla." Akatoa karatasi ya pili, ile laini, akaifungua mikunjo yake minne. "Hii ningetia saini, angetoka mezani saa ile ile. Aliniomba wiki moja. Nikampa. Kanuni ya rangi niliiandika mimi, kijitabu cha saa sikukisoma, na nilipojua, nilinyamaza kwa adabu. Huyu si mzembe. Mtu mzembe ni yule aliyeona."

Meneja alitazama viatu vyake. Mtungi, kwa mara ya kwanza tangu aingie, aliinua uso.

Yule mwanamke ndiye aliyesema. Sauti yake Sista aliijua neno kwa neno kutoka kwenye mkanda, lakini sasa ilikuwa imepoa, na ubaridi wake ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Kwa hiyo mlijua."

"Nilijua."

"Na yeye aliniambia gari liko njiani." Akamgeukia Mtungi. "Mara mbili uliniambia. Ningejua, ningembeba. Kuna jirani ana pikipiki. Ningembeba mwenyewe."

Mtungi akafungua mdomo. Watu wote mle ndani walisubiri ile sauti. Haikuja. Midomo ilitikisika tu, na kidevu.

*

Neno uzembe lilifutwa kwenye faili la Mtungi, badala yake wakaandika maneno mengi zaidi. Viti viwili vilijazwa. Saa za mkononi zikapangwa upya: kila mtu alinganishwe na miezi yake ya kwanza, na namba zisomwe kama namba. Jina la Sista likapelekwa baraza la wauguzi, na hadi leo anasubiri barua. Kila akisikia pikipiki ya posta moyo wake unajua kabla yake.

Wiki ya saba baada ya kikao alikwenda kumtazama Mtungi nyumbani, alasiri, bila koti jeupe. Paa lilikuwa limezibwa. Mke akaleta chai, akaketi mkekani karibu nao.

"Lete mkono," Sista akasema.

Dakika nzima. Ukutani hapakuwa na saa, akatumia ya kwake.

"Sitini na saba."

"Ndiyo kawaida yangu sasa?"

"Kawaida yako ni hamsini na nane. Usikubali mtu akupe nyingine."

"Na ule mchezo wa moyo?"

"Huo huchelewa kurudi. Kwanza mwendo, halafu mchezo. Wakati mwingine miezi."

"Wakati mwingine?"

Sista hakumdanganya. Vidole vyake vilibaki kifundoni.

Mtungi akanywa funda la mwisho kwa mkono wa pili, akafudikiza kikombe juu ya kisahani. Mke alitaka kusema kitu. Sista akamtikisia kichwa kidogo, naye akaelewa ingawa hakuna aliyewahi kumweleza. Wakakaa hivyo. Kuku akapita mlangoni, akachungulia, akaona hapana la maana.

Halafu, chumba cha ndani, simu ikaanza kuita.

Hakuna aliyeinuka. Ni simu ya kawaida tu, pengine shemeji anauliza kama kuna chakula. Lakini chini ya vidole vya Sista mapigo yaliondoka mbio, sabini, tisini, mia na kitu, yamelingana kama meno ya msumeno, na uso wa Mtungi ukabaki mtulivu kabisa, ukitazama mlango.

"Waambie," akasema kwa sauti ndogo, "waambie nimefudikiza."